Ya nini, na mpaka lini?

*"Nipo ofisi ya Mbeya, mwenzangu yupo Iringa na ndiye mwenye folda ya ghala. Nataka kulinganisha mbolea waliyotuletea na tuliyopokea. Nimebofya Request access mara tatu, kimya. Nikamwandikia WhatsApp 'Shikamoo dada', akaitikia, nikamwambia 'naomba akses ya ile folda', akaniuliza 'ya nini?' Nimeona kama haniamini. Tuko cheo kimoja ila kanizidi umri. Nimwombeje bila kuharibu uhusiano?"*

Ndugu yangu, nimetunza kumbukumbu na mifumo ya ofisi huku Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi, na swali la "ya nini?" nimeliuliza mwenyewe mara zisizohesabika. Karibu kila mara sikuwa na shaka na mtu. Nilikuwa nataka jibu ili niweze kuchagua: nimpe folda yote au faili moja, nimruhusu kusoma tu au kubadilisha, na nitakuja kumwondoa lini. Dada yako amekuuliza kwa sababu ujumbe wako ulimwachia kazi hiyo yote. Na anajua kuwa siku bosi wake akikuta jina lako kwenye folda na kusema "huyu wa Mbeya anafanya nini humu?", atakayejibu ni yeye.

Kwa hiyo ombi zuri ni lile analoweza kulikubali kwa dakika moja bila kukuuliza kitu, kisha akaweza kulitetea miezi sita baadaye wakati wewe hupo. Nitakuonyesha linavyoandikwa, ila kwanza tuangalie kile kitufe, maana huenda tatizo la kwanza lipo hapo.

Ukifungua linki ya Google Drive usiyo na ruhusa nayo, unapata ukurasa wenye kisanduku cha kuandika ujumbe na kitufe cha Request access. Watu wengi hukiacha kisanduku kitupu. Mwenye faili hupokea barua pepe inayosema tu kwamba anwani fulani inaomba kuingia, na barua hiyo inaangukia katikati ya nyingine nyingi. Lililo baya zaidi ni kwamba ombi linatoka na akaunti iliyo wazi kwenye simu au kompyuta yako wakati huo. Ukiwa kwenye simu, mara nyingi hiyo ni akaunti yako binafsi, ile uliyofungulia simu, yenye jina la utani na tarakimu za mwaka wa kuzaliwa. Yeye anaona anwani asiyoitambua inaomba folda ya ghala mara tatu mfululizo. Mtu makini hanyamazi kwa dharau hapo. Ananyamaza kwa sababu hilo ndilo alilofundishwa kufanya.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika lolote, fungua ile linki tena na utazame ukurasa unasema umeingia kwa anwani ipi. Kama si ya kazini, badilisha akaunti. Nimewahi kuona mtu akipewa ruhusa asubuhi, akashinda siku nzima analalamika kuwa bado mlango umefungwa, kumbe ruhusa ipo kwenye anwani moja na yeye amekaa kwenye nyingine.

Sasa ujumbe wenyewe. Mila yetu ya kutuma "Shikamoo dada" peke yake, kisha kungoja marahaba ndipo useme shida, ni nzuri uso kwa uso. Kwenye simu ya mtu aliye ghalani anahesabu mifuko, inamfanya aitikie salamu halafu abaki anangoja jambo asilolijua, na lile jambo linapofika limekatika vipande. Salimia, tena vizuri, lakini salamu na shida vikae kwenye ujumbe mmoja. Kama ni Mhehe na mnataniana, anza na "Kamwene". Ila shikamoo kwa aliyekuzidi umri usiiache hata kama cheo ni kimoja.

Tuseme hesabu zako zimekwama hapa: taarifa ya mwezi inaonyesha kuwa Februari Iringa walitoa mifuko 1,240 ya yurea kuja kwenu, na hati zenu za kupokelea Mbeya zina jumla ya mifuko 1,200. Wakaguzi wanakuja Jumatatu tarehe 23 Juni. Leo ni Jumatatu tarehe 9. Ningeandika hivi:

"Shikamoo dada, poleni na baridi ya huko. Nafunga hesabu za mbolea za Mbeya kabla wakaguzi hawajafika tarehe 23. Yurea ya Februari inanisumbua: taarifa ya mwezi inasema mlitutolea mifuko 1,240, hati zetu za kupokelea zina 1,200. Naomba kuona faili moja tu, lile la 'Kutoka ghalani Januari–Mei' lililo ndani ya folda ya Ghala Iringa, nilinganishe namba za hati na za malori. Kusoma kunatosha, sitabadilisha kitu. Naomba kuanzia kesho Jumanne tarehe 10 hadi Ijumaa tarehe 20 Juni. Utumie anwani yangu ya kazini, ndiyo nitakayoombea sasa hivi kwenye Request access. Mkuu wangu wa mauzo anajua nakuomba. Kama faili hilo si lako kulitoa, nielekeze kwa mwenyewe nimwombe yeye."

Ni mrefu kuliko ulivyozoea. Lakini mhesabie maswali yaliyobaki: hakuna. Halafu ule ufupisho wake, mistari miwili, uandike pia kwenye kisanduku cha Request access, ili barua pepe itakayomfikia ifanane na ujumbe wa WhatsApp. Anavilinganisha, anajua ni wewe, anabofya.

Kwenye sababu, watu huandika "nina kazi nayo" au "bosi kasema". La kwanza halisemi kitu. La pili ni zito kupita kiasi: linamwambia dada kwamba hana nafasi ya kukataa, na aliyekuzidi umri atalisikia hivyo hata kama hukukusudia. Ona nilivyomtaja mkuu wa mauzo mwishoni, kama taarifa tu, ili ajue hujaenda kisirisiri. Sababu ya kweli imekaa juu, nayo ni ile tofauti ya mifuko 40.

Sababu ya namna hiyo ina faida nyingine ambayo wengi hawaitarajii. Mwenye folda akijua unachotafuta, anaweza kukupa kitu bora kuliko ulichoomba. Dada anaweza kukujibu: "Hiyo mifuko 40 ilishushwa Makambako, lori lilipakia mzigo wa wateja wawili, hati yake ni hii," na akakutumia picha ya hati. Kazi imekwisha, na hukuhitaji ruhusa yoyote. Ungeandika "naomba akses" tu, ungepewa folda, ukahangaika siku mbili ndani ya mafaili usiyoyajua, na pengine usingeiona hati ya Makambako kwa sababu imewekwa mahali pengine.

Kwa nini nimekufanya uombe faili moja na si folda? Kwa sababu kwenye Drive ruhusa ya folda inateremka kwa kila kilichomo ndani, pamoja na vitakavyowekwa kesho. Folda inayoitwa Ghala Iringa kwa kawaida haina hati za mbolea peke yake. Ndani yake mtu ameweka mikopo ya madereva, posho za vibarua wa kupakia, labda barua ya onyo ya mtu. Dada anajua vilivyomo, wewe hujui, na huenda kusita kwake ni hapo tu. Ukiomba faili kwa jina lake, unamwondolea hofu hiyo bila hata kuitaja. Kama hujui jina la faili, sema unachohitaji kuona, yaani tarehe, namba ya hati, namba ya lori na idadi ya mifuko, naye atachagua.

Kwenye kiwango cha ruhusa utakuta majina matatu: Viewer anasoma, Commenter anasoma na kuacha maoni pembeni, Editor anabadilisha. Kwa kulinganisha hesabu, Viewer anatosha kabisa. Watu huomba Editor "isije ikasumbua", na hapo ndipo madhara huingia. Mahali pamoja nilipofanya kazi, mwenzetu aliyepewa Editor kwa ajili ya kutazama tu alipanga safu moja ya jedwali kwa tarehe bila kuchagua safu zote. Tarehe zikahama, namba za hati zikabaki zilipokuwa. Ilichukua wiki kugundua, na tuligundua kwa sababu lori moja lilionekana limeondoka siku ya Krismasi. Historia ya faili ilituwezesha kurudi nyuma, lakini kazi ya wiki nzima ya watu wengine ilikuwa imekwishaandikwa juu ya makosa yale. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa na ruhusa asiyoihitaji.

Sasa muda, ambao watu huuona kama pambo la ombi. Mimi nauona kama nusu ya ombi, kwa sababu ruhusa haijiondoi yenyewe. Leo utapewa, wakaguzi watakuja na kuondoka, utahamishiwa Songea, utaacha kazi, na jina lako litaendelea kukaa pale mpaka mtu akumbuke. Fungua orodha ya watu kwenye folda yoyote ya zamani ya ofisi yako utaona majina ya watu mlioagana nao kwa soda na keki. Mwenye folda anayejali hili husita kutoa kwa sababu anajua atasahau kuondoa.

Muda unaomsaidia una tarehe mbili na tukio. "Kwa siku chache" haumsaidii, kwa kuwa hajui azihesabu kuanzia lini. "Mpaka nimalize" ni mbaya zaidi, kwani ni wewe tu utakayejua umemaliza. "Hadi Ijumaa tarehe 20 Juni, wakaguzi wanakuja Jumatatu" anaweza kuuandika kwenye kalenda ya simu yake. Usiombe hadi siku yenyewe ya wakaguzi. Siku mbili tatu za mapumziko kati ya mwisho wa ruhusa yako na siku ya tukio ni nafasi ya kumwomba akuongezee kama kuna kilichobaki. Na chagua siku ya kazi. Ruhusa inayoisha Jumapili kwa kweli inaisha Jumatatu, au haiishi.

Kama ofisi yenu inatumia Drive ya kulipia ya kampuni, inawezekana dada akiwa kwenye kisanduku cha Share, karibu na jina lako pale panapochagua Viewer, aone pia Add expiration. Hapo anaweka tarehe, na mfumo unakuondoa wenyewe siku ikifika. Kwenye akaunti binafsi za Gmail hicho hakipo, na hata kwenye za kampuni hakipo kwenye kila kifurushi. Akikiona, mwambie akitumie, utakuwa umemfanyia hisani. Asipokiona, kukumbuka ni kazi yenu wawili.

Ifikapo Jumatano tarehe 18, jiulize kama utamaliza. Kama huwezi, andika siku hiyo hiyo: "Dada, zimebaki hati za Aprili na Mei, mkuu ameniongezea kazi ya Mwanjelwa. Naomba hadi Jumanne tarehe 24, faili lile lile, kusoma tu." Kuomba nyongeza kabla muda haujaisha kunakufanya uaminike kuliko kunyamaza na kuendelea kuingia kwa kuwa mlango bado uko wazi. Hilo la pili anaweza kuliona, na akiliona, ombi lako lijalo litakuwa gumu.

Kuna jambo moja kwenye muda ambalo hata watu wa kompyuta hulisahau. Viewer anaweza kupakua faili au kutengeneza nakala yake, isipokuwa kama mwenye faili amezuia. Ruhusa ikiisha tarehe 20, nakala uliyoipakua inabaki kwenye kompyuta yako bila kikomo. Kwa hiyo muda wa kuingia na muda wa kukaa na taarifa ni vitu viwili. Kama unahitaji nakala, na kwa kulinganisha hesabu pengine unaihitaji, sema wazi: "nitapakua nakala kwa ajili ya kulinganisha, na nitaifuta tukishamaliza na wakaguzi." Kisha uifute kweli, hata kwenye kikapu cha taka. Pale penye majina ya wakulima, namba zao za simu au mikopo ya madereva, jambo hili linatoka kwenye adabu na kuwa la kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zisikae zaidi ya muda unaohitajika kwa kazi zilizokusanyiwa.

Yote haya nimeyaandika nikifikiria folda. Huenda siku moja utahitaji kuingia kwenye mfumo wa hesabu au wa stoo, ule wa kuandika jina na nenosiri. Hapo mwenzako hawezi kukupa ruhusa hata akitaka, kwa sababu inatolewa na msimamizi wa mfumo, na kwa kawaida lazima mkuu wako akubali. Unaloweza kumwomba mwenzako ni kukuambia jina la ripoti unayoihitaji, ili kwa msimamizi uandike "ripoti ya mizigo iliyotoka, kusoma tu, hadi tarehe 20" badala ya "nifungulieni mfumo".

Usimwombe nenosiri lake. Najua linavyofanyika: mfumo unagoma, wakaguzi wako mlangoni, mtu anasema "niazime yako nitoe ripoti moja tu." Kila utakachogusa kitaandikwa kwa jina lake. Hati ikifutwa kwa bahati mbaya, kumbukumbu za mfumo zitasema ni yeye, na hatakuwa na la kujitetea isipokuwa kukiri kwamba aligawa nenosiri. Na ukiingia mahali ambapo hujaruhusiwa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalihesabu hilo kuwa kosa. Dada akikupa nenosiri kwa huruma, lirudishe na umwambie alibadilishe.

Ukimtumia ule ujumbe na bado akanyamaza, mpe siku nzima ya kazi, kisha mpigie simu. Piga asubuhi kabla malori hayajaanza kupakia, kwa sauti ya kumkumbusha tu: "Dada, nilikuandikia jana habari ya yurea ya Februari, uliiona?" Mara nyingi utasikia kuwa yeye mwenyewe si mwenye faili, ni Editor tu, na ameogopa kugawa kitu kisicho chake. Hiyo ni sababu nzuri, mwombe jina la mwenyewe. Kama itabidi uende kwa wakuu, mwambie yeye kwanza: "Naona umebanwa, nitamwomba mkuu wako ili usibebeshwe lawama." Akisikia kutoka kwa bosi wake kwamba Mbeya wanalalamika, hapo ndipo uhusiano utakapoharibika, na hata Editor ya folda nzima haitaurudisha.

Siku utakapomaliza, hata kama ni tarehe 13, usisubiri tarehe 20. Kuliondoa faili kwenye orodha yako ya Shared with me hakukuondolei ruhusa, kunaondoa tu kwenye macho yako, kwa hiyo ni lazima yeye akuondoe. Mwandikie:

"Dada, nimemaliza na faili la ghala, ile mifuko 40 nimeipata, ni ya Makambako. Unaweza kuniondoa leo. Nakala niliyopakua nitaifuta baada ya tarehe 23, nitakujulisha. Ndaga fijo, ndivyo tunavyoshukuru huku kwetu."

Na tarehe 24, mjulishe.